Fumbo la herufi 190: jinsi na, wa na ya zilivyofichuliwa

Fumbo linalochambuliwa hapa lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule moja ya sekondari huko Temeke, Dar es Salaam, kwa ajili ya wanafunzi wa klabu ya Kiswahili. Masharti yake yalikuwa machache: kila herufi ya maandishi halisi imebadilishwa kwa herufi nyingine moja, ileile tangu mwanzo hadi mwisho, na nafasi kati ya maneno pamoja na vituo vya uandishi vimeachwa kama vilivyokuwa. Mwalimu aliyelitunga hakutoa dokezo lolote zaidi ya kusema kwamba lugha iliyofichwa ni Kiswahili sanifu.

```
KVMJFKT VM RETJB XM HFDMKZNLF MLMRBKM
HVMKZM HFUTHN IEM MRTZTEF ETGMM VMST LM
ZMFRHBJF. VMLMCTLYF VM AMQMRM JM RMZM
ETOMLAM HVMLYM, LM VMIETTYF VM RMKMHF
ETLDNGM HFUTHN IEM OFJF. ZBF XM SFHBSF
LF LANDN, JMHFLF CNJBLF XM VMST LF LABCT.
```

Katika maelezo yanayofuata, herufi kubwa ni za fumbo na herufi ndogo ni za maandishi halisi. Msomaji anayetaka kujaribu mwenyewe asimame hapa kwanza, achukue karatasi na penseli, kwa kuwa majibu yanaanza mara moja.

Kijana wa kidato cha pili aliniletea fumbo hili likiwa limejazwa nusu. Alikuwa amefanya jambo la kwanza linalofundishwa popote pale, yaani kuhesabu herufi. Njia hiyo ni ya kale: Al-Kindi, mwanazuoni wa Baghdad wa karne ya 9, aliandika risala inayoeleza kwamba herufi zinazojirudia zaidi katika maandishi ya siri zilinganishwe na zile zinazojirudia zaidi katika lugha yenyewe. Hesabu ya kijana ilikuwa sahihi kabisa. Maneno ni 40 na herufi ni 190, na zile zilizojitokeza zaidi ni hizi:

```
M 40   F 21   T 15   L 15   H 11   V 10
E 8    B 7    N 7    R 7    J 7
```

Kuhusu M hapakuwa na la kujadili. Katika maandishi ya kawaida ya Kiswahili, herufi a huchukua takribani herufi moja kati ya kila tano, na hapa M ni 40 kati ya 190, kiasi kilekile. Hakuna herufi nyingine ya Kiswahili inayoikaribia a kwa wingi, kwa hiyo hatua hii ya kwanza ni ya uhakika kuliko ilivyo katika Kiingereza, ambako e, iliyo kinara, haizidi sana herufi zinazoifuata.

Tatizo lilianza katika hatua ya pili. Baada ya kuandika a juu ya kila M, kijana aliyatazama maneno ya herufi mbili yanayoishia na a, akakuta kwamba VM limetokea mara tatu, XM mara tatu, LM mara mbili na JM mara moja. Alijua kwamba na ni miongoni mwa maneno yanayotumika mno katika Kiswahili, akachagua VM kwa sababu lilikuwa la kwanza kuonekana, akaandika n juu ya kila V. «Mwalimu, na ndiyo inayotawala kila sentensi,» alisema, «sasa mbona maneno hayataki kufunguka?»

Hoja yake kuhusu wingi wa na ni ya kweli kwa kitabu kizima, lakini haitoshi kwa aya ya maneno 40. Katika aya fupi, wa au ya huweza kuipita na bila shida, kwa sababu maneno hayo hutegemea nomino zilizotumika: panapotajwa watu wengi, wa hujaa, na panapotajwa vitu vya ngeli ya I-ZI, ya hujaa. Kwa hiyo wingi unatuambia tu kwamba VM, XM na LM ni kundi moja la maneno mafupi, wala hautuambii lipi ni lipi. Cha kutenganisha ni tabia ya kila konsonanti inapokuwa ndani ya maneno marefu, na kabla ya kuitazama tabia hiyo ni lazima tuwe tumezijua irabu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapomsaidia mfumbuaji kuliko lugha nyingi. Neno la Kiswahili huishia na irabu, isipokuwa baadhi ya maneno ya mkopo na majina. Ninaona kwamba hesabu ya herufi za mwisho wa maneno ina thamani kubwa kuliko hesabu ya herufi zote, na ningependa kila anayefundisha mafumbo ya Kiswahili aanze nayo. Katika fumbo letu, maneno 19 yanaishia na M, 13 yanaishia na F, manne na T, matatu na N, na moja na B. Jumla ni 40, yaani maneno yote, na herufi za mwisho ni tano tu. Irabu za Kiswahili nazo ni tano. Bila kubahatisha hata kidogo tumepata kwamba M, F, T, N na B ndizo irabu, na zilizobaki zote ni konsonanti.

Tazama faida ya hatua hii. T na L zote zimetokea mara 15, na mtu anayetegemea wingi peke yake hana njia ya kujua ipi ni irabu na ipi ni konsonanti. Hesabu ya miisho inalimaliza suala hilo, kwa kuwa T inaishia maneno manne na L haiishii hata neno moja. Tena, VMIETTYF lina TT na ETGMM lina MM. Katika Kiswahili herufi mbili zinazofanana na kufuatana huwa karibu kila mara ni irabu, ukiacha maneno machache kama mmoja na nne, hivyo M na T zinathibitishwa kwa njia nyingine tena.

M ikiwa a, irabu ya pili kwa wingi katika Kiswahili kwa kawaida ni i. F ina 21, mbele sana ya T, na ndiyo inayoishia maneno 13, kwa hiyo F ni i. T, N na B zitagawana u, e na o, lakini tusiharakishe kuzigawa.

Sasa turudi kwenye maneno mafupi. Mbali na yale yanayoishia na a, kuna neno LF lililotokea mara mbili, na sasa tunajua kwamba linasomeka konsonanti na i. Kwa hiyo konsonanti L inaunda neno kamili ikifuatwa na a, yaani LM, na inaunda neno kamili ikifuatwa na i, yaani LF. Tukizijaribu konsonanti moja baada ya nyingine, s inatupa si lakini haitupi neno la kawaida sa, na l inatupa la lakini li halisimami peke yake katika sentensi za kawaida. Herufi n inatupa yote mawili: na, ni. Basi L ni n, ingawa LM limetokea mara chache kuliko VM na XM.

Dalili hiyo moja inavutia, lakini mfumbuaji makini hutafuta ya pili. Nilimwomba kijana aorodheshe kila mahali L na V zilipokaa jirani na konsonanti nyingine. L inatangulia konsonanti mara sita: katika LANDN, LABCT na ETOMLAM inatangulia A, katika VMLMCTLYF na HVMLYM inatangulia Y, na katika ETLDNGM inatangulia D. Haikuwahi kufuata konsonanti hata mara moja. V ina tabia iliyo kinyume kabisa, kwani haitangulii konsonanti popote, bali inafuata H katika HVMKZM na HVMLYM, na inafuata K katika KVMJFKT. Yeyote anayekijua Kiswahili anaitambua tabia ya kwanza kuwa ni ya n, inayotangulia katika nd, nz, ng na nj. Ile ya pili ni ya w, inayofuata katika kw, mw, bw na pw. Kama V ingekuwa n, tungelazimika kukubali konsonanti mbili tofauti zinazotangulia n, ilhali katika maneno ya kawaida ni m pekee inayofanya hivyo, kama katika mnazi na mnyama.

Herufi y nayo hufuata konsonanti, katika ny na vy, kwa hiyo ilistahili kufikiriwa. Lakini n imekwisha kuchukuliwa na L, kwa hiyo H na K zingelazimika kutafutwa miongoni mwa v na konsonanti nyingine chache ambazo y huzifuata kwa nadra. H yenye kutokea mara 11 ni nyingi mno kuwa mojawapo ya hizo. V ni w, na VM ni wa. Kijana alizifuta n zake zote, akaandika w.

Kufikia hapo tunazo a, i, n na w, na wengi wangeendelea kwa kubahatisha neno refu. Ningeshauri mtu aendelee na maneno mafupi, kwa sababu neno fupi la Kiswahili linafungwa na nomino iliyolitangulia. Tukisema kiti, tutasema cha, na tukisema viti, tutasema vya. Upatanisho huu wa kisarufi ni silaha ya mfumbuaji, na katika fumbo letu unafanya kazi nzuri sana katika IEM.

IEM ni konsonanti mbili na a. Maneno ya namna hiyo yanayotumika sana ni kwa, mwa, cha na vya. Kwa na mwa yanaondoka mara moja, maana w ni V na herufi ya pili hapa ni E. Yamebaki cha na vya. Limetokea mara mbili, na mara zote mbili limetanguliwa na neno lilelile, HFUTHN, ambalo linaanza na konsonanti ikifuatwa na i. Kwa hiyo tuna njia mbili tu: ama ni neno la ki- likifuatwa na cha, ama ni neno la vi- likifuatwa na vya. Kama lingekuwa vi- na vya, maneno yote mawili yangeanza na v, na katika fumbo yangeanza na herufi moja. Hayaanzi hivyo, kwa kuwa moja linaanza na H na jingine na I. Katika ki- na cha, herufi za kwanza ni k na c, ambazo ni tofauti, kama fumbo linavyotaka. Basi H ni k, I ni c, na E ni h.

Hatua hii naipenda kuliko zote katika kisa hiki, kwa sababu haikutuhitaji kulijua neno HFUTHN lenyewe. Tumejua herufi tatu kwa kutumia ngeli tu. Uthibitisho wake nao uko karibu: c katika Kiswahili sanifu haisimami bila h, na I ya fumbo, ambayo imetokea mara tatu, inafuatwa na E kila mara, ikiwemo ndani ya VMIETTYF. H kuwa k kunaeleza pia kwa nini ni konsonanti ya pili kwa wingi baada ya n, na kwa nini inatangulia w katika HVMKZM na HVMLYM, ambayo sasa yanaanza kusomeka kwa-.

Baada ya hapo maneno marefu yanafunguka kwa zamu. JMHFLF ni ?akini, nalo linafuata mkato, mahali ambapo lakini hukaa kwa kawaida. Makini na yakini yanalingana pia, lakini J inaunda neno JM, na hakuna neno ma la kujitegemea. Y ya yakini inapingwa na jambo jingine: J inafuatwa na i katika KVMJFKT, ZMFRHBJF na OFJF, na silabi li ni ya kawaida mno ilhali yi ni adimu. J ni l. Mara moja KVMJFKT linakuwa ?wali?? lenye herufi ya kwanza na ya sita zinazofanana, yaani mwalimu, na hivyo K ni m na T ni u. Neno linalolifuata ni VM, wa, ambalo linapatana na mwalimu. HVMKZM linakuwa kwam?a, yaani kwamba, na Z ni b.

Ilibaki kugawa e na o kati ya N na B, na hapa kijana alikuwa amejitega mwenyewe. Alikuwa ameanza na LANDN, neno linaloanza na n likifuatwa na konsonanti, kisha irabu, kisha konsonanti nyingine na irabu ileile. Alikuwa ameandika ndege, na neno hilo linatosha sawasawa. Lakini hata ndogo linatosha, na ndoto pia, na kabla ya kujua u iko wapi hata nguvu lingetosha. Umbo la neno moja haliamui lolote iwapo maneno manne yanalijaza.

Tulianza kuyapunguza kwa kuitazama D, ambayo inaonekana pia katika ETLDNGM baada ya n. Ndoto lingetaka nt katika neno hilo, na nguvu lingetaka nv, na mifuatano hiyo miwili si ya kawaida katika Kiswahili. Ng ni ya kawaida. D ni g, na zimebaki ndege na ndogo. Tatizo ni kwamba ukichagua ndege, N inakuwa e na B inakuwa o, kisha MLMRBKM, ambalo ni ana?Bma, linageuka kuwa anasoma, neno zuri kabisa katika aya inayoanza na mwalimu. Ukichagua ndogo, linakuwa anasema. Kila upande una maneno mawili yanayokubaliana, na kijana alikuwa ameridhika na upande wake kwa sababu hiyo.

Njia ya kutoka ni kutafuta neno ambalo haliwezi kusomeka kwa irabu zote mbili. RETJB ni ?hulB. Konsonanti inayotangulia h kwa wingi, ukiondoa c, ni s, nayo inafaa katika anasema na anasoma vilevile. Tunapata shule ikiwa B ni e, na tunapata shulo ikiwa B ni o. Shulo si neno. Vilevile SFHBSF ni ?ikB?i lenye konsonanti ileile mara mbili, na tiketi ipo ilhali tikoti haipo. HFDMKZNLF ni kigambNni, na mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuambiwa kwamba ng'ambo ya mlango wa bandari kuna Kigamboni. Maneno matatu yanaunga mkono upande mmoja na hakuna hata moja linalounga mkono mwingine, basi B ni e, N ni o, na neno ni ndogo. Ningemshauri mtu yeyote anayefumbua aweke alama juu ya maneno kama anasema na anasoma, na asiyahesabu kuwa ushahidi mpaka jambo jingine liamue.

Sehemu iliyobaki ni nyepesi, nami naipitia haraka. VMST ni wa?u, na tiketi imeshatupa t, kwa hiyo ni watu. ETOMLAM ni hu?an?a, na A ambayo katika ndogo ni d inalifanya hupanda, na O ni p. VMIETTYF ni wachuu?i, ambalo haliwezi kuwa kingine isipokuwa wachuuzi, na Y ni z. VMLMCTLYF ni wana?unzi, wanafunzi, na C ni f. HFUTHN ni ki?uko. Kabla ya kuijua t mtu angeweza kusoma kituko, lakini t ni S, kwa hiyo ni kivuko, na U ni v. LABCT lingeweza kumvuta mtu kuelekea ndevu, ila v ni U na f ni C, hivyo ni ndefu. ETGMM ni hu?aa na ETLDNGM ni hungo?a, nayo yanashirikiana kutupa j: hujaa na hungoja. Q imetokea mara moja tu, katika AMQMRM, ambalo ni darasa.

Nimeiacha XM hadi sasa kwa makusudi. Imetokea mara tatu, na X haionekani ndani ya neno jingine lolote, kwa hiyo hakuna tabia ya kuichunguza. Upatanisho nao hautoshi, kwa kuwa maneno yanayolitangulia ni shule, bei na foleni, yote ya ngeli ya I-ZI, ambayo umbo lake halibadiliki kati ya umoja na wingi. Shule ya na shule za ni sahihi vilevile. Kinachoamua ni wachuuzi: z imekwisha kupatikana kuwa Y, kwa hiyo za haiwezekani, na XM ni ya. Kati ya yale matatu yaliyokuwa yakifikiriwa tangu mwanzo, na ilipatikana kwanza, wa ikafuata, na ya ikawa ya mwisho kabisa, ingawa mbili kati yake zililingana kwa idadi. Maandishi yote yanasomeka hivi:

Mwalimu wa shule ya Kigamboni anasema kwamba kivuko cha asubuhi hujaa watu na baiskeli. Wanafunzi wa darasa la saba hupanda kwanza, na wachuuzi wa samaki hungoja kivuko cha pili. Bei ya tiketi ni ndogo, lakini foleni ya watu ni ndefu.

Kazi haijakamilika mpaka ufunguo upangwe, kwa sababu ufunguo ukiwa na mpangilio unaoeleweka, hata herufi zilizotokea mara moja tu zinathibitishwa.

```
a b c d e f g h i j k l m n o p r s t u v w y z
M Z I A B C D E F G H J K L N O Q R S T U V X Y
```

Kuanzia d na kuendelea, safu ya chini inafuata mpangilio wa alfabeti, ikiruka I na M zilizokwisha kutumika mwanzoni, na kuishia na Y kwa kuwa Z nayo imetumika. Pale ambapo q ingekaa, kati ya p na r, inakosekana P, na pale ambapo x ingekaa inakosekana W. Kiswahili hakina q wala x, lakini mtungaji alitumia alfabeti ya herufi 26, ndiyo maana P na W hazionekani popote katika fumbo. Q ya darasa, iliyokuwa na ushahidi wa neno moja pekee, imekaa mahali pake hasa, juu yake r.

Mwanzoni mwa safu kuna M, Z, I, A. Hii ndiyo desturi ya kuandika neno la ufunguo kwanza, kila herufi mara moja tu, kisha alfabeti iliyobaki. Neno linaloacha herufi hizo nne baada ya kufuta zinazorudiwa, na ambalo mwalimu wa Dar es Salaam angelifikiria, ni Mzizima, jina la kijiji cha wavuvi kilichokuwapo kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake hapo katika miaka ya 1860. Kijana alimwuliza mtungaji, naye akakubali kwamba ndilo.

Inafaa kusema ni wapi njia hii ingekwama. Kama aya ingelitaja jiji kwa jina lake kamili, tungepata AMQ BR RMJMMK, na Q, R na K zingeingia katika orodha ya herufi za mwisho wa maneno. Orodha ingekuwa na nane badala ya tano, na mtu angelazimika kutenganisha zile zinazoishia maneno mengi na zile zilizoishia neno moja moja, akijua kwamba B, ambayo ni irabu kweli, nayo iliishia neno moja tu. Hapo dalili za herufi zinazorudiwa na za konsonanti zinazotangulia au kufuata zingebeba uzito mkubwa zaidi. Aya yenye majina mengi ya watu na ya mitaa huleta shida hiyohiyo.

Ugumu mkubwa zaidi hutokea mtungaji anapoondoa nafasi na kuandika herufi katika mafungu ya tano tano. Hapo miisho ya maneno inapotea, na maneno ya herufi mbili hayaonekani tena. M ingebaki 40 kati ya 190 na ingetambulika, lakini irabu nyingine zingetafutwa kwa kuangalia ni herufi zipi zinazojirudia kati ya konsonanti mbili zilizo tofauti tofauti, na LM iliyo na isingetofautishwa kwa macho na LM iliyo ndani ya anasema. Kwa fumbo la namna hiyo ningetaka maandishi marefu zaidi ya haya kabla ya kuanza, na ningeanza kwa kutafuta mifuatano inayojirudia kama HFUTHNIEM, yenye herufi tisa zilizorudiwa mara mbili bila kubadilika, kwa kuwa mahali pa namna hiyo pana uwezekano mkubwa wa kuwa na nomino pamoja na neno fupi linalopatana nayo.